Thiamini Kwanza, Dripu ya Sukari Baadaye

Leo tunaye mama mwenye mimba changa anayetapika kupita kiasi. Simzungumzii yule anayeamka na kichefuchefu, akatema mate kidogo, akanywa chai ya tangawizi na kuendelea na shughuli zake. Namzungumzia yule ambaye hata maji hayakai tumboni, harufu ya kitunguu kutoka kwa jirani inamlaza chini, na ndugu wameanza kunong'ona kwamba anadeka. Madaktari huiita hali hii haiperemesisi. Huanza kabla ya wiki ya 16, mara nyingi kati ya wiki ya 4 na ya 7, na kwa wengi hutulia kufikia wiki ya 20. Wala si kudeka: mwaka 2023 watafiti walionyesha kwamba chanzo kikubwa ni homoni iitwayo GDF15, ambayo hutoka kwa wingi kwenye kondo la nyuma na kuugonga ubongo pale panapoamrisha kutapika.

Dawa za kuzuia kutapika tutaziweka kando leo. Mimi ni mtu wa lishe, na swali langu ni hili: mama huyu akifika kituoni, tunajuaje kwamba mwili wake umeishiwa? Na tukishajua, tumlisheje bila kumdhuru?

Chukua mfano wa mama wa miaka 24, mimba ya pili, wiki ya 10. Ameletwa kwa bajaji akiwa ameegemea bega la wifi yake, na mkononi ana kopo la plastiki la kutapikia. Kwa wiki mbili na nusu hajala chakula kikakaa. Katika muda huo ameshapelekwa kwenye zahanati mara mbili, na mara zote mbili ametundikiwa dripu, akapata nafuu ya siku moja, kisha akarudi alikokuwa.

Kitu cha kwanza kufanyika kwa mama kama huyu ni kupewa kikopo akalete mkojo. Kijiti kinachovywa, rangi inageuka zambarau, na kwenye karatasi linaandikwa neno ketoni na plasi tatu. Kuanzia hapo plasi ndizo zinazoongoza kila kitu. Zikiwa tatu, amelazwa. Kesho yake zikiwa moja au hakuna, ameruhusiwa.

Sasa ketoni ni nini? Mtu asipokula, akiba ya sukari iliyo kwenye ini huisha kwa takribani siku moja, na kwa mjamzito huisha mapema zaidi. Mwili hugeukia mafuta, ini huyavunja, na mabaki yake yenye nguvu ndiyo ketoni, ambazo ubongo na misuli huweza kuzitumia kama nishati. Kwa hiyo ketoni kwenye mkojo zinatuambia kwamba huyu mtu hajala wanga vya kutosha katika saa chache zilizopita. Mwenye kufunga Ramadhani anaweza kuwa nazo ikifika alasiri. Hazituambii amekosa chakula kwa muda gani, amepungua kilo ngapi, wala hazipimi upungufu wa maji.

Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2014 hayakukuta uhusiano kati ya wingi wa ketoni kwenye mkojo na ukali wa ugonjwa huu. Mwaka 2024, Chuo cha Kifalme cha madaktari wa uzazi cha Uingereza kiliandika wazi kwenye mwongozo wake kwamba ketoni zisitumiwe kuamua ukali wa hali wala upungufu wa maji. Kuna mama anayetapika hadi anatoa nyongo ya kijani, na kijiti chake hakina kitu. Akirudishwa nyumbani kwa sababu hiyo, ameonewa.

Lakini kosa la upande wa pili ndilo linalonisumbua zaidi. Dripu ya sukari ikiingia, insulini hupanda, mafuta huacha kuvunjwa, na ketoni hutoweka ndani ya saa chache. Kijiti kinakuwa safi. Mama hajala hata tonge, ila karatasi inasema amepona. Ndivyo ilivyokuwa kwa mama wetu mara zote mbili. Na hiyo dripu yenyewe, chupa ya lita nzima ya dekstrosi asilimia 5, ina gramu 50 za sukari, takribani kilokalori 170. Haifiki chapati moja. Haina protini, haina mafuta, haina vitamini hata moja.

Sisemi kijiti kitupwe. Mkojo upimwe kutafuta maambukizi, kwa sababu U.T.I. nayo hutapisha, kama ambavyo malaria ipimwe na utrasaundi ifanywe kuona kama ni mapacha au mimba ya zabibu. Na kuna mama mmoja ambaye ketoni zake ni dharura, naye ni mwenye kisukari, hasa anayechoma insulini. Huyo akitapika na ketoni zikaonekana, damu yake inaweza kugeuka asidi kwa kasi hata kama sukari haijapanda sana. Ukiona anahema kwa nguvu na kwa kina kama aliyekimbia, hapo hakuna kusubiri.

Ukiacha huyo, mizani ina maneno mengi kuliko kijiti. Kinachotafutwa si uzito wa leo peke yake, ni tofauti kati ya uzito wa leo na ule wa kabla ya mimba. Na hapo ndipo tunapokwama, kwa kuwa wanawake wengi huanza kliniki mimba ikiwa na miezi minne au mitano, na uzito wa kabla haumo popote. Ukiuliza vizuri, mara nyingi unapatikana. Mama wetu hakukumbuka, ila wifi yake alikumbuka kwamba alipima kwenye kliniki ya uzazi wa mpango alipokwenda kutolewa kijiti cha mkononi. Kadi ikatafutwa. Kilo 58. Mizani ya wodini ikasoma 51 na nusu.

Piga hesabu. Ametoka 58, amefika 51.5, tofauti ni kilo 6.5. Gawanya kwa 58, unapata asilimia 11. Kwa desturi ya miaka mingi, kupungua kwa asilimia 5 ya uzito wa kabla ya mimba kunatosha kumweka mtu kwenye kundi la haiperemesisi. Yeye amepita mara mbili yake.

Ila ngoja. Mama huyu amekauka: midomo ina magamba, mkojo ni kikombe cha kahawa kwa siku, na rangi yake ni ya chai ya rangi. Sehemu ya kilo hizo ni maji, si nyama. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kwa hiyo tulirudia kumpima asubuhi iliyofuata, baada ya dripu za chumvi na baada ya mkojo kurudi, akasoma 53. Sasa tunajua kwamba kilo moja na nusu ilikuwa maji, na kilo 5, karibu asilimia 9, ni mafuta na misuli iliyoliwa na mwili wenyewe. Hiyo 53 ndiyo inayoandikwa kwa wino mzito, maana tutalinganisha nayo kila wiki. Asiyefanya hivyo ataona mama ameongezeka kilo moja na nusu usiku mmoja na atashangilia chakula ambacho hakijaliwa.

Pale ambapo uzito wa zamani haupatikani kabisa, utepe wa kupimia mkono husaidia. Mzunguko wa sehemu ya juu ya mkono ukiwa chini ya sentimita 23, mama huyo ana akiba ndogo tangu mwanzo. Na uzuri wa mkono ni kwamba haudanganywi sana na maji.

Kipimo cha tatu hakina kifaa. Ni swali: tangu jana saa hizi hadi sasa, umemeza nini, na kipi kimekaa? Usiulize kama anakula, atakujibu anajitahidi. Mwulize kwa vikombe na vipande. Mama wetu alijibu: soda ya tangawizi mafunda matatu, ikarudi, barafu za kunyonya, zimekaa, kipande cha mkate ukubwa wa kiganja, nusu imerudi. Kisha uliza hali hiyo imeendelea siku ngapi. Jibu la siku ndilo linalotupeleka kwenye jambo ambalo ndiyo sababu hasa ya mazungumzo haya.

Mwili wa mtu mzima una akiba ya thiamini, yaani vitamini B1, ya takribani miligramu 30 tu. Mjamzito anahitaji miligramu 1.4 kila siku. Asipoingiza kitu, akiba hiyo inaisha ndani ya wiki mbili hadi tatu. Na wengi wetu tunaanza na akiba nyembamba, kwa kuwa thiamini hukaa kwenye ganda na kiini cha nafaka, vitu ambavyo mashine huviondoa tunapokoboa mahindi kupata sembe na mpunga kupata mchele mweupe. Mama aliyekuwa anaishi kwa ugali wa sembe na chai, akianza kutapika, hana cha kukopa.

Thiamini ndiyo inayowezesha sukari iungue ndani ya chembe hai na kutoa nguvu. Fikiria jiko la mkaa ambalo kidirisha chake cha chini kimefungwa. Ukiongeza mkaa hupati moto, unapata moshi. Ndivyo sukari inavyofanya kwa mwili usio na thiamini: inageuka asidi badala ya kuwa nguvu, na ile thiamini kidogo iliyokuwa imebaki inamalizika kwa kuhangaika nayo. Kiungo kinachoumia kwanza ni ubongo, kwa sababu wenyewe hula sukari usiku na mchana.

Daktari Carl Wernicke wa Ujerumani aliueleza ugonjwa huu mwaka 1881. Watu huufahamu kama ugonjwa wa walevi, na ni kweli wagonjwa wake wawili walikuwa wanaume walevi. Lakini wa tatu alikuwa msichana mshonaji wa nguo aliyekunywa asidi, tumbo likaharibika, akawa anatapika wiki baada ya wiki. Hakuwa mlevi. Kutapika peke yake kulitosha.

Dalili zake zinatafutwa kitandani bila mashine. Mshikie mama kidole mbele ya uso, kipeleke kushoto na kulia taratibu, umwambie akifuate kwa macho bila kugeuza kichwa. Macho yakicheza-cheza yanapofika pembeni, au jicho moja likigoma, au akisema anaona vidole viwili, hiyo ni dalili. Msimamishe, atembee hatua kumi. Dhaifu wa njaa hutembea polepole lakini kwa mstari. Huyu hupanua miguu na kuyumba. Mwulize leo ni siku gani na nani alimleta. Usisubiri uone zote tatu, kwa maana wagonjwa wengi hawazitimizi. Mara nyingi ndugu ndio wa kwanza kusema: siku hizi anajibu vitu visivyoeleweka. Na hapo watu hutafuta mganga au hudhani ni usingizi wa dawa.

Tiba yake ni nafuu kuliko karibu kila kitu kingine kilichomo wodini. Mama aliyetapika muda mrefu na ambaye ubongo wake uko salama apate miligramu 100 za thiamini kwenye mshipa kabla ya chupa yoyote ya sukari, na 100 nyingine kila siku kwa siku mbili tatu zinazofuata. Akianza kumeza, aendelee na vidonge. Mwongozo wa Uingereza unataja miligramu 100 mara tatu kwa siku kwa mdomo. Akiwa na dalili hata moja kati ya nilizozitaja, dozi inapanda hadi miligramu 500 kwenye mshipa mara tatu kwa siku, na inaanza saa hiyo hiyo bila kungoja kipimo cha maabara. Akicheleweshwa, anaweza kubaki na kumbukumbu iliyovurugika au mwendo wa kuyumba maisha yake yote.

Tahadhari mbili hapa. Kidonge kidogo cha B kompleksi cha kawaida mara nyingi kina miligramu chache tu za B1, hivyo soma lebo kabla ya kusema ameshapewa. Na mama ambaye sukari yake ya damu imeshuka kweli, amelegea na kifaa cha kidoleni kimeonyesha, huyo apewe sukari bila kucheleweshwa. Thiamini iingie pamoja nayo.

Mama wetu alikuwa na macho mazuri na alijua siku. Alipewa thiamini, kisha dripu za chumvi. Damu ilionyesha potasiamu 2.9, ambayo ni ndogo, kwa hiyo potasiamu ikachanganywa kwenye dripu hizo kwa kipimo na kuingizwa polepole. Dawa ya kuzuia kutapika ikapangiwa saa, siyo kusubiri atapike kwanza.

Sasa alishwe. Wifi alikuwa amekuja na hotpoti ya mtori na roho safi kabisa, tukamwomba asubiri. Mtu aliyekaa zaidi ya siku kumi bila kula cha maana yuko kwenye hatari itokanayo na kulishwa ghafla. Chakula kikiingia kwa wingi, insulini huvuta potasiamu, magnesi na fosfeti kutoka kwenye damu kuzipeleka ndani ya chembe hai, na zinaweza kushuka kiasi cha kuyumbisha mapigo ya moyo. Kwa hiyo huanzwa na takribani kilokalori 10 kwa kila kilo ya uzito. Kwa kilo 53 hiyo ni kama 530 kwa siku ya kwanza, kisha hupandishwa kidogo kidogo hadi kufikia mahitaji yote ndani ya siku nne hadi saba, damu ikipimwa kila siku. Pasipo na kipimo cha fosfeti, nenda taratibu zaidi, na maziwa yakikubali kukaa ni chanzo kizuri cha fosfeti.

Kilichomkalia kilikuwa baridi na kikavu. Kiazi kitamu kilichochemshwa na kuachwa kipoe, vipande viwili. Saa moja baadaye, nusu kikombe cha maziwa mtindi. Kisha ndizi mbivu, kisha biskuti. Chakula cha moto hutoa harufu, na harufu ndiyo adui wake mkubwa. Kwa hiyo mpishi asipikie karibu naye. Vinywaji vilitenganishwa na chakula, mafunda machache kila baada ya robo saa: maji ya ORS yaliyopozwa, maji ya dafu. Alikula nusu saa baada ya dawa, wakati tumbo limetulia. Vidonge vya damu vilisimamishwa kwa muda, kwa sababu madini ya chuma huchochea kichefuchefu, lakini asidi ya foliki iliendelea peke yake. Na akatuambia, kwa aibu kidogo, kwamba anatafuna udongo wa pemba. Hatukumgombeza. Tulimweleza kwamba udongo unazuia chuma kufyonzwa, na tukampa barafu za kunyonya badala yake.

Siku ya tatu alikuwa akimeza kama kilokalori 900. Siku ya sita akaenda nyumbani, si kwa sababu ya kijiti, bali kwa sababu alikula milo midogo sita kwa siku bila dripu na mizani ikasimama kwenye 53.2.

Je, kama asingeweza? Ikiwa dawa zimepangwa vizuri kwa siku kadhaa na bado uzito unashuka, kuna mpira mwembamba wa kulishia unaopitishwa puani hadi tumboni. Watu huuogopa kama ishara ya kufa, na sivyo. Chakula cha maji huanza kudondoshwa mililita 20 au 30 kwa saa, mchana na usiku, kwani tumbo linalokataa kikombe mara nyingi hukubali matone. Kabla ya kuanza, lazima ihakikishwe kwamba ncha iko tumboni, si kwenye pafu, kwa kuvuta majimaji na kuyapima asidi. Tatizo lake la kawaida ni mama kuutapika. Hapo, hospitali yenye uwezo hupeleka ncha mbele ya tumbo, kwenye utumbo mwembamba.

Lakini mpira si wa kila mtu. Watafiti wa Uholanzi walijaribu kuwawekea wagonjwa mapema kama jambo la kawaida, na matokeo yao ya mwaka 2017 yalionyesha kwamba watoto hawakuzaliwa na uzito mkubwa zaidi kuliko wa wale waliopata matibabu ya kawaida. Wanawake wengi waliondolewa mpira mapema au wakaukataa. Kwa hiyo ni wa yule ambaye njia ya mdomo imeshindikana kweli. Kulisha kupitia mshipa mkubwa wa damu kunakuja mwisho kabisa, kwa sababu ya maambukizi na damu kuganda, na hufanyika kwenye hospitali chache kubwa.

Mama akiruhusiwa, kazi ya mizani haijaisha. Utafiti uliofanyika Nova Scotia, Kanada, na kuchapishwa mwaka 2006, ulionyesha kwamba hatari ya mtoto kuzaliwa mdogo au kabla ya wakati ilikuwa kwa wale akina mama wenye kutapika sana ambao mwisho wa mimba walikuwa wameongezeka chini ya kilo 7. Waliofidia uzito walizaa kama wengine. Kwa hiyo apimwe kila wiki, kwa mizani ile ile, hadi arudi kwenye 58 yake na aanze kupanda.

Kwa hiyo ninyi wifi, mama wakwe na waume mnaonisikiliza: mkimpeleka mgonjwa kama huyu, bebeni kadi yoyote yenye uzito wake wa zamani, na hesabuni siku ambazo hajala. Muuguzi akija na chupa ya dekstrosi mkononi, mwulizeni kwa adabu: dada, thiamini ameshapata?